Barua ya wazi: Mtihani wa fundi sola uletwe Masasi, Newala na Liwale, na upimwe kwa mita

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa EWURA,
Mkurugenzi Mkuu wa VETA,
Mkurugenzi Mkuu wa Wakala wa Nishati Vijijini,
Na wakuu wa benki na SACCOS zinazokopesha vifaa vya sola Mtwara na Lindi.

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi sola. Nafanya kazi Mikindani, na kazi zangu zinanipeleka mpaka Kilwa upande mmoja na mpaka Nanyumbu upande mwingine. Nina leseni. Nimeona niandike hadharani kwa sababu katika miaka hii ya karibuni swali la kwanza la mteja limebadilika. Zamani aliniuliza bei. Siku hizi ananiuliza, "Fundi, cheti unacho?" Na akiwa anachukua mkopo, afisa mikopo hanisikilizi kabla hajakiona.

Swali hilo ni zuri, na nitaeleza kwa nini watu wamefika hapo. Ila majibu tunayowapa leo hayawakingi na kile wanachokiogopa, na nyinyi ndio mnaoweza kulirekebisha hilo.

Mwaka jana niliitwa kwa mama mmoja anayeuza samaki na barafu, katika kijiji cha pwani kati ya Mikindani na Sudi. Alikopa shilingi milioni 6 kununua paneli 6 za wati 330, inveta ya volti 24, betri 4 za risasi za aina ya AGM na friza kubwa. Mkopo ulikuwa wa miezi 18. Mwezi wa nane wa mkopo friza ikaanza kuzima usiku. Mwezi wa tisa ikawa inazima mapema, hata isha haijaadhiniwa. Samaki wakaharibika mara mbili, naye akaacha kurejesha. Alipoambiwa kuwa mali itakuja kuchukuliwa, alijibu waichukue tu, maana haina kazi.

Nilipofika aliniandalia kiti nje, akaniambia, "Mwanangu, mimi sijui mambo ya umeme, ila najua nimeonewa." Nikaingia kutazama.

Kitu cha kwanza kilikuwa ukutani. Juu ya kiboksi cha breka palikuwa na doa jeusi lenye upana wa sahani ya chai. Breka yenyewe ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, kimkono chake kimezama ndani ya plastiki. Waya mbili zilizotoka kwenye paneli zilikuwa zimepitishwa pembeni yake, zimesokotwa pamoja na kuzungushiwa solotepu. Nikauliza kilichotokea. Akasema siku moja saa sita mchana mwanawe alitaka kusafisha, akaizima ile breka. Cheche ikatoka, haikukatika. Iliendelea kulia "zzzz" huku plastiki ikidondoka kama nta, mpaka kijana mmoja wa jirani alipopanda juu ya paa akazifunika paneli kwa turubai. Fundi aliyefunga alipigiwa simu. Akaja, akaiacha breka palepale, akaunganisha waya moja kwa moja. Kuanzia siku hiyo nyumba ilibaki haina namna yoyote ya kukata umeme wa paneli.

Naomba nieleze kilichoungua, maana ndicho mteja anachokikimbia anapodai cheti. Paneli zile 6 ziliungwa kwa mfululizo, moja ikishika nyingine. Kila moja ina volti 46 zisipokuwa na mzigo, kwa hiyo nyumbani mwa mama huyo zilikuwa zinashuka volti 276 za umeme wa DC. Breka iliyofungwa ni ile ya kawaida ya nyumba za umeme wa TANESCO, ya AC. Umeme wa AC wa hapa kwetu unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na katika kwenda na kurudi huko unapita kwenye sifuri mara 100. Breka ya AC inapofunguka, cheche inajifia yenyewe umeme unapopita kwenye sifuri. Umeme wa DC unakwenda upande mmoja tu, haupiti sifuri kamwe. Cheche ikishaanza, inaendelea mpaka kitu kiyeyuke au jua lizibwe. Breka ya DC hutengenezwa tofauti: ndani ina vyumba vya kuirefusha ile cheche na kuivunja, na zilizo nyingi zina sumaku ya kuisukumia humo. Ndiyo maana baadhi yake zimeandikwa alama za + na −. Ukizifunga kinyume, sumaku inaisukuma cheche upande usio wake, na hata breka sahihi inaweza kuungua.

Dukani breka hizi mbili zinafanana umbo na zinakaa reli moja. Ya AC ni rahisi zaidi na inapatikana kila mahali. Mteja hana namna ya kuzitofautisha, na siku zote ambazo hakuna anayeizima, mfumo unafanya kazi vizuri kabisa. Kosa linakaa kimya likisubiri mtu aguse.

Sasa nije kwenye betri, ambazo ndizo zilizomfanya mkopeshaji apoteze fedha. Nilibonyeza menyu ya inveta. Aina ya betri ilikuwa imeachwa `AGM`, kama ilivyotoka kiwandani, na kiwango cha kukata betri inapopungua kilikuwa volti 21.0. Kwenye inveta ile kiwango hicho hakibadiliki mpaka kwanza uchague `USE` kwenye aina ya betri. Fundi hakuwahi kuingia kwenye menyu. Betri 2 za volti 12 zikiungwa mfululizo, volti 21 maana yake kila betri imeshushwa mpaka 10.5, na hapo betri ya risasi iko tupu. Friza ilikuwa inafanya kazi usiku kucha, inainyonya mpaka hapo, asubuhi jua linaanza kuijaza upya. Betri ya aina hii ukiishusha mpaka nusu tu kila siku itakupa miaka kadhaa. Ukiikausha kila usiku, inakufa ndani ya miezi, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kuiweka kwenye volti 23.5 ni kazi ya dakika 2. Friza ingezima mapema kidogo usiku wenye mawingu, na samaki waliokwisha kuganda wangevumilia mpaka asubuhi iwapo mfuniko haufunguliwi.

Tazameni hesabu ya mkopeshaji. Mkopo wa miezi 18, betri ya miezi 8. Miezi 10 iliyobaki mkopaji analipia kitu kilichokufa, na biashara iliyokuwa ilipie mkopo imekufa nacho. Afisa mikopo hawezi kujua volti 21 ni nini, lakini ameshaona mikopo ya sola ikikwama karibu katika mwezi uleule, na ameshagundua kuwa ilifungwa na watu wa namna moja. Kwa hiyo anadai cheti. Simlaumu hata kidogo.

Lakini sikilizeni hili, Waheshimiwa. Fundi aliyemfungia mama yule alikuwa na cheti. Nilikiona, nakala yake ilikuwa kwenye faili la mkopo. Ni cheti halali cha kutandaza umeme wa majumbani. Kijana yule alifundishwa soketi, swichi, na breka ya AC, akafunga alichofundishwa. Hakuna mahali kwenye karatasi ile palipoandikwa paneli, betri wala DC. Mkopeshaji aliona mhuri, akaridhika.

Upande wa pili nina msaidizi wangu. Ameishia darasa la saba, na tumekuwa pamoja juu ya mapaa miaka 9. Yeye ndiye aliyenionyesha siku moja huko Newala kwamba paneli zilizofungwa na fundi mwingine zimeelekea kusini, kwa sababu mwenye kuzifunga alifuata video ya Ulaya. Huko kwao jua liko kusini. Sisi tuko kwenye nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta, paneli zetu zinatakiwa kuangalia kaskazini, zikilala nyuzi 10 mpaka 15 ili mvua iteremshe vumbi. Msaidizi huyu alipata kazi yake mwenyewe, ya pampu ya kisima, mteja akiwa na mkopo. Taasisi ya fedha ikamkataa papo hapo kwa kukosa karatasi. Kazi ikapewa mwenye karatasi. Sitasema iliishaje, maana sijafika kuiona.

Najua njia ipo. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inaitaka kazi hii ifanywe na mwenye leseni, na EWURA inatoa leseni za ufungaji umeme kwa madaraja. VETA nao wana utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi, ambapo mtu aliyejifunzia kazini anapimwa kwa vitendo, anajazwa pale alipopungukiwa, kisha anapewa cheti bila kurudi darasani miaka miwili. Utaratibu huo ndio uliotengenezwa kwa ajili ya mtu kama msaidizi wangu. Shida yake ni umbali na majira. Vyuo vya mkoa vya VETA vipo Mtwara na Lindi mjini. Kutoka Masasi mpaka Mtwara ni kilomita zipatazo 200. Kutoka Liwale mpaka Lindi sitaki hata kusimulia wakati wa masika. Fundi akiondoka siku 5 kwa ajili ya upimaji, analipa nauli, malazi na ada, na kazi aliyokuwa amepata inachukuliwa na mwingine.

Kuhusu majira, hapa kwetu fedha inakuja na korosho. Minada inaanza Oktoba, na kuanzia hapo mpaka Januari au Februari hakuna fundi sola anayeshika kalamu, kila mkulima aliyelipwa anataka taa, televisheni, pampu. Mtihani ukiwekwa Novemba utapata mafundi wasio na kazi, na wasio na kazi mara nyingi sio wale mnaowatafuta. Uwekeni Mei mpaka Julai. Uleteni Masasi, Newala na Liwale, kwa wiki moja kila mahali. Paa la kufanyia mazoezi haliwezi kukosekana, shule na zahanati zenye sola zipo kila wilaya, na nyingine zimesimama kwa hitilafu. Mafundi wakizitengeneza kama sehemu ya mtihani, mtihani wenyewe utakuwa umelipa gharama yake.

Na mtihani wenyewe naomba uwe wa mita ya kupimia umeme mkononi. Nimeshuhudia vijana wakikariri fomula ya ukubwa wa betri na kuiandika bila kosa, huku hawajui wapi pa kuweka ncha za mita. Mwekeeni fundi mfumo ulioharibiwa makusudi, mpeni mita, mpeni nusu saa, kisha atoe maelezo kwa Kiswahili. Nitatoa mfano mmoja ninaoupenda, kwa sababu hauwezi kukaririwa. Washeni mzigo mkubwa, pasi au birika, mpaka betri itoe ampea 60 hivi. Fundi apime volti kwenye vichwa vya betri, halafu apime kwenye vichwa vya inveta, mita 2 tu mbali. Tuseme kwenye betri anapata 24.6, kwenye inveta 23.4. Zile volti 1.2 zimepotelea njiani. Zidisha kwa ampea 60, ni wati 72 za joto zinazopikwa ndani ya waya mwembamba au kwenye kichwa cha waya kilichobanwa kwa koleo badala ya mashine yake. Fundi wa kweli baada ya kusoma namba hizo ataanza kugusa maungio moja moja kwa mgongo wa vidole, na lile lenye joto ndilo lenye ugonjwa. Sisi wa pwani tunalijua zaidi, maana chumvi ya hewa inaingia kwenye kichwa kilicholegea na kukipaka kutu ya kijani ndani ya mwaka. Asiyejua atasema betri ni mbovu, na mteja atanunua betri mpya kuja kufia palepale.

Cheti kitakachotoka hapo kiandike wazi kazi ambayo mwenye nacho amepimwa: taa na mifumo midogo, au mifumo yenye inveta na betri, au pampu. Kiwe na namba ambayo afisa mikopo wa Nachingwea anaweza kuiingiza kwenye simu akaona jina, picha na aina ya kazi. Hilo tu lingezuia cheti cha soketi kufungua mlango wa volti 276.

Kwenu wakopeshaji nina ombi tofauti, kwa sababu cheti kinaeleza mtu na hakielezi nyumba. Fundi mzuri anaweza kuchoka, anaweza kuletewa vifaa vibovu na mteja mwenyewe. Daini pamoja na cheti karatasi ya makabidhiano yenye vipimo vilivyopimwa siku hiyo kwenye nyumba hiyo: volti za paneli bila mzigo na saa zilipopimwa, ampea zinazoingia betri, volti za betri na za inveta mzigo ukiwa umewashwa, kiwango cha kukata betri kama kinavyosomeka kwenye menyu, na picha ya breka ambayo maandishi yake ya DC yanasomeka. Zuieni sehemu ya malipo ya fundi mpaka karatasi hiyo ifike. Hata mimi nizuilieni.

Mtaniuliza mtajuaje kama fundi hakukaa chini ya mwembe akajiandikia namba. Iko namna, na afisa mikopo anaweza kuifahamu kwa siku moja. Volti zilizoandikwa nyuma ya paneli zilipimwa kiwandani paneli ikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya bati la Mtwara saa sita mchana paneli inafika nyuzi 60 na zaidi, na kila nyuzi moja inayopanda inapunguza volti kwa asilimia 0.3 hivi. Nyuzi 35 za ziada zinaondoa karibu asilimia 10. Kwa hiyo paneli 6 za mama yule, ambazo kibandiko kinasema jumla volti 276, mchana wa jua kali mita itasoma kwenye 248 hivi. Fundi akikuletea karatasi imeandikwa "saa 6 mchana, jua kali, volti 276", hakupanda. Amesoma kibandiko. Akileta 200, mwiteni tena, kuna paneli yenye hitilafu au ungio lililokosewa.

Jambo la vifaa bandia silifungui hapa, ni la TBS na linahitaji barua yake.

Yule mama tulimsaidia tulivyoweza. Niliweka breka ya DC, nikabadilisha vichwa vya waya za betri, nikaenda naye kwa mkopeshaji wake nikiwa na picha za menyu na ya doa la ukutani. Walikubali kumwongezea miezi na fedha ya betri 2, kwa sharti friza iwe inapumzika usiku mpaka atakapoweza kununua nyingine 2. Analipa. Betri zile 4 za kwanza ninazo bado kwenye karakana yangu Mikindani, pamoja na breka iliyoyeyuka. Mtahini yeyote wa VETA au mkaguzi wa EWURA atakayetaka kuzitumia kufundishia, nitampa bure na nitazibeba mwenyewe mpaka chuoni.

Msaidizi wangu anasubiri tangazo la upimaji. Likitoka kabla minada ya Oktoba haijafunguliwa, ataingia msimu huu akiwa na karatasi mkononi, pamoja na wenzake wasiopungua 11 ninaowafahamu kati ya Masasi na Newala. Orodha yao nitaikabidhi kwa afisa yeyote mtakayemtuma.

Wenu katika kazi,
Fundi sola, Mikindani, Mtwara